Ada, ratiba na ripoti: jinsi ya kuanzisha tuisheni ya nyumbani

*Shikamoo mwalimu. Nina stashahada ya ualimu wa msingi, nasubiri ajira mwaka wa pili sasa. Naishi na wazazi Mbagala, tuna baraza kubwa, na majirani wameanza kuniuliza kama naweza kuwafundisha watoto wao jioni. Wengi wako darasa la tatu mpaka la tano, shule za serikali. Nataka nianze kwa utaratibu, si kubahatisha. Nitoze shilingi ngapi? Nipange vipi ratiba? Na mzazi mmoja kaniambia atataka ripoti kila mwezi, sijui niandike nini humo.*

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mambo matatu, lakini nitaanza na la nne ambalo hukuliuliza, kwa sababu hayo matatu yote yanalitegemea. Nalo ni hili: kabla hujapokea hata shilingi moja, mpime kila mtoto, peke yake, na uandike ulichokiona. Tuisheni nyingi za mtaani huanza kinyume. Mtoto anakuja Jumatatu, anakaa kwenye mkeka, anapewa maswali yaleyale wanayopewa wenzake. Miezi mitatu baadaye mama anauliza, “Mwanangu anaendeleaje?” na mwalimu hana la kusema zaidi ya “anajitahidi.” Hakuna aliyejua alikoanzia, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema amefika wapi. Mzazi anayeuza vitumbua asubuhi mpaka mchana hawezi kulipia “anajitahidi” mwaka mzima, na akiacha kulipa ana haki.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtihani wa kuchapisha. Kinahitaji dakika 15 au 20 kwa kila mtoto, kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, karatasi na saa. Utafiti wa Uwezo, ambao hapa Tanzania ulianza mwaka 2010, umekuwa ukipima watoto majumbani kwa ngazi rahisi sana: silabi, maneno, aya, hadithi. Fuata njia hiyohiyo. Anza na aya fupi ya darasa la pili. Akiisoma vizuri, mpe hadithi, kisha muulize maswali mawili matatu kuhusu alichosoma. Akikwama kwenye aya, rudi kwenye maneno. Akikwama hapo, rudi kwenye silabi. Mtoto wa darasa la nne usimwanzie na kitabu cha darasa la nne, utamwaibisha bure na hutajua tatizo liko wapi.

Wakati anasoma, usimsahihishe. Sikiliza tu na uandike. Kwenye karatasi yako weka idadi ya maneno aliyosoma sawasawa kwa dakika moja, halafu yale aliyokosea, yaandike kama alivyoyatamka. Hapo ndipo penye dhahabu. Nilimpima binti mmoja wa darasa la tatu ambaye mama yake aliniambia hajui kusoma kabisa. Alisoma “Baba analima shamba” bila kusita. Alipofika kwenye “mbuzi alinyweshwa maji” akasoma “alinyesha maji.” Mbele kidogo “akaachwa” ikawa “akaacha.” Hakuwa mtoto asiyejua kusoma. Silabi za konsonanti moja na irabu alikuwa nazo zote. Zilizomshinda ni zile ambapo konsonanti zinabebana na *w*: nywe, chwa, mbwa, ngwa. Akikutana nazo anakisia neno kwa mwanzo wake. Hiyo ni kazi ya wiki chache ukijua unachokitafuta. Usipojua, unaweza kumsomesha hadithi mwaka mzima na asitoke hapo alipo.

Hesabu nayo ni hivyohivyo. Mpe maswali matano au sita tu: kujumlisha kwa kubeba, kutoa kwa kukopa, kuzidisha, kugawanya, na fumbo moja la maneno. Kisha uangalie jibu lisilo sahihi kwa makini kuliko lililo sahihi. Mtoto akiandika 62 − 27 = 45, usiweke mkasi ukapita. Amefanyaje mpaka akapata 45? Kwenye mamoja aliona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 5. Kwenye makumi 6 toa 2, akapata 4. Ana kanuni yake kichwani, anaifuata kwa uaminifu kabisa, na kanuni hiyo ni mbovu. Mtoto wa namna hii ukimpa maswali 20 ya kutoa, atakosa yote yanayohitaji kukopa na atapata yote yasiyohitaji, na wewe utaona alama 10 kwa 20 udhani ni mtoto wa wastani.

Karatasi hiyo moja ya kila mtoto ndiyo msingi wa biashara yako. Itumie siku hiyohiyo: mwite mzazi, mwonyeshe. “Mama, mwanao anasoma maneno 24 kwa dakika, anakwama kwenye silabi hizi. Kwenye kutoa, kila akitakiwa kukopa anageuza namba. Hivi viwili ndivyo nitakavyoanza navyo.” Mzazi aliyewahi kuambiwa kitu cha namna hiyo hatakulinganisha na tuisheni ya mia tano kwa siku iliyo mtaa wa pili.

Na kipimo kitakusaidia kuamua umchukue nani. Ushauri wangu ni uanze na kundi moja tu, watoto wanane mpaka kumi, wote wa shule za Kiswahili. Ukichanganya na wa shule za mchepuo wa Kiingereza unajikuta unatayarisha masomo mara mbili kwa ada moja. Wapange kwa kile wanachokiweza kuliko kwa darasa wanalosoma. Mtoto wa darasa la tano anayekwama kwenye aya atafaidika zaidi na kundi la kusoma aya kuliko kukaa na wenzake wa la tano akinakili ubaoni. Ila hapa kuwa mwangalifu: mkubwa akikaa na wadogo anaona haya, na akiona haya anatoroka. Usiwaite “kundi la darasa la tatu.” Liite kwa jina lolote, la rangi au la mnyama, na huyo mkubwa mpe jukumu la kugawa vitabu au kutunza saa.

Waliopo darasa la nne wana jambo lao la ziada, ule upimaji wa kitaifa unaofanyika kuelekea mwisho wa mwaka. Wazazi wengi watakuja kwako Agosti na Septemba wakitaka umalize kila kitu kwa wiki sita. Wapokee kama nafasi ipo, lakini uwaambie ukweli kabla hawajalipa: mtoto anayesoma kwa kusitasita hataiva kwa mitihani ya miaka iliyopita, maana hata swali la sayansi lazima kwanza alisome.

Sasa ratiba. Watu hupanga ratiba kwa kuangalia nafasi ya mwalimu, halafu wanashangaa nusu ya watoto hawaji. Panga kwa kuangalia siku ya mtoto wa Mbagala ilivyo. Anatoka shule alasiri, anatembea au anagombania daladala, anafika nyumbani na njaa. Kama ni Mwislamu, kuna madrasa, na madrasa nyingi za mtaani huanza baada ya swala ya alasiri. Kama ni Mkristo, Jumamosi kunaweza kuwa na mafundisho au kwaya. Kisha jua la Dar huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro, kutegemea msimu, na hakuna mzazi wa maana atakayetaka binti wa miaka tisa atembee uchochoroni gizani.

Kwa hiyo, kabla hujatangaza siku, pita kwa wazazi wote unaowatarajia, uulize mambo mawili tu: mtoto anafika nyumbani saa ngapi, na ana madrasa au mafundisho siku zipi. Andika majibu. Mara nyingi utaona siku tatu zinazowafaa walio wengi. Saa 10 jioni mpaka 11 na nusu ni muda mzuri kwa wasio na madrasa jioni. Wenye madrasa Jumatatu mpaka Alhamisi huenda ukawapata Jumamosi na Jumapili asubuhi, na hao ndio watakaokuwa kundi lako la pili baadaye. Kazungumze na ustadhi pia, jirani yako huyo. Mara nyingi mkielewana anaweza kusogeza muda wa watoto wachache, na wewe Ramadhani unasogeza wa kwako, maana mtoto aliyefunga saa 10 na nusu jioni hana nguvu ya kugawanya kwa tarakimu mbili.

Siku tatu kwa wiki zinatosha. Kila siku ni nyingi mno kwa mtoto ambaye ameshakaa darasani tangu asubuhi, na kwako haziachi nafasi ya kusahihisha na kutayarisha. Dakika 90 zenyewe ningezigawa hivi: dakika kumi za kwanza marudio ya kipindi kilichopita, maswali matatu tu kwenye daftari. Kisha nusu saa ya kusoma, ambamo kila mtoto lazima asome kwa sauti ukimsikiliza, japo dakika mbili. Nusu saa ya hesabu. Dakika 20 za mwisho kazi za nyumbani walizopewa shule.

Hizo dakika 20 zilinde sana. Wazazi watakusukuma ugeuze tuisheni nzima kuwa mahali pa kumalizia kazi za shule, kwa sababu daftari lenye pata nyingi linawatuliza. Ukikubali, baada ya mwezi watoto watakuwa wanakuja kukuuliza majibu, wananakiliana, wanaondoka. Daftari litapendeza na 62 − 27 itabaki kuwa 45. Waeleze wazazi siku ya kwanza kwamba kazi ya shule ina dakika zake mwishoni, na isipokwisha mtoto atarudi nayo nyumbani ikiwa na alama yako ya mahali alipoishia.

Hiyo dakika mbili ya kila mtoto kusoma ndiyo inayoamua pia ukubwa wa kundi, na ukubwa wa kundi ndio unaoamua ada. Watoto kumi, dakika mbili kila mmoja, ni dakika 20. Watoto 20 ni dakika 40, na hapo nusu saa yako imeshakwisha na wengine wanarushiana kokoto.

Tuje kwenye hesabu ya ada. Usianze kwa kuuliza wengine wanatoza ngapi. Anza na saa zako. Chukua kundi moja la watoto wanane, siku tatu kwa wiki. Kufundisha ni saa nne na nusu kwa wiki. Weka saa mbili na nusu za kutayarisha na kusahihisha, jumla saba. Kwa wiki nne ni saa 28, ongeza mbili za kuandika ripoti, ni saa 30. Tuseme umeamua saa yako moja ni shilingi 4,000. Hiyo ni 120,000.

Kisha gharama. Kopi tatu kwa kila mtoto kwa wiki, kwa shilingi 100 kwa ukurasa, ni karibu 10,000 kwa wiki nne. Kalamu za ubao au chaki, 4,000. Maji ya kunywa na umeme wa LUKU, maana kuna jioni za mawingu utakazowasha taa mapema, 6,000. Weka 10,000 kando kwa mikeka na vitabu vitakavyochakaa. Jumla 30,000. Ukijumlisha na jasho lako ni 150,000.

Watu wengi hapa hugawanya kwa nane na kupata kama 18,750. Gawanya kwa saba. Katika kila watoto wanane, kila mwezi kuna mmoja ambaye atalipa nusu, ataugua au atapelekwa kwa bibi. 150,000 kwa saba ni 21,430, kwa hiyo toza 22,000. Kama kwa mtaa wako hiyo ni nzito, ongeza watoto wawe kumi: kopi zinaongezeka kidogo, jumla inakuwa kama 153,000, unagawanya kwa tisa, unapata 17,000. Zaidi ya hapo usishuke kwa kuongeza watoto. Kama bado ni nzito, punguza siku ziwe mbili, au kubali saa yako iwe 3,000 kwa miezi mitatu ya mwanzo, ukijua kabisa kwamba umekubali na umeweka tarehe ya kupandisha.

Namba hizi ni mfano, weka za kwako. Kitu cha kubeba ni mpangilio wake: saa, gharama, halafu gawanya kwa pungufu ya mmoja.

Kuna wanaotoza mia tano kwa siku na wana watoto 30 barazani. Kwa siku moja wanapata 15,000, na kwa mwezi wanakuzidi. Usiwaige kwa sababu hiyo. Wao wanauza mahali salama pa mtoto kukaa jioni na kufanya maswali, jambo ambalo wazazi wanalihitaji kwelikweli. Wewe unauza kusoma na kuhesabu kunakopimika, na kitu hicho hakifanyiki na watoto 30 na mwalimu mmoja. Mbaya zaidi ni kuchukua ada ya huyu na kuahidi kazi ya yule.

Ulipaji nao uweke kwa vipindi badala ya mwezi wa kalenda. Toza 22,000 kwa vipindi 12. Mpe kila mtoto kadi ya manila yenye visanduku 12, kila akija unatia sahihi kisanduku kimoja. Kadi hii inaua ugomvi karibu wote. Mvua ikinyesha barabara ikajaa maji na hukufundisha, kisanduku kinabaki wazi. Shule zikifungwa Juni na watoto wakisafiri, hakuna anayedai mwezi haukukamilika. Sheria ni mbili na ziandike nyuma ya kadi: mwalimu asipokuwepo, kipindi hakihesabiwi, mtoto asipokuja bila taarifa kabla ya saa 8 mchana, kinahesabiwa. Mtoto akiugua na mzazi akatuma ujumbe, hesabu yake inasubiri.

Lipwa kabla ya kisanduku cha kwanza. Lakini mama anayeuza samaki Zakhiem hana 22,000 mkononi kwa mkupuo, anazo 5,500 za kila Jumatatu. Mpangie hivyo, vipindi vitatu vitatu. Asiyeweza hata hivyo, usimwambie “leta tu ukipata,” kwa sababu deni la 40,000 litamfanya akukwepe njiani na amwachishe mtoto. Bora upange naye nusu ada kwa uwazi, ukiamua wewe mwenyewe kwamba kundi zima lina nafasi moja ya namna hiyo. Ndugu wawili nyumba moja, wa pili mpunguzie kidogo, si nusu.

Andika kila malipo kwenye daftari la risiti lenye kopi, hata kama yamekuja kwa M-Pesa au Airtel Money, na jina la mtoto liwepo, maana simu iliyotuma mara nyingi ni ya mjomba. Kadi ikibaki visanduku viwili, tuma ujumbe kwa mzazi:

*Habari za leo Mama. Kadi ya mwanao imebaki vipindi viwili, itaisha Ijumaa. Kadi mpya inaanza Jumatatu, ada ni 22,000. Kama kuna ugumu naomba tuzungumze kabla ya siku hiyo. Ahsante.*

Usimtume mtoto kudai. Usimtaje mbele ya wenzake, wala usimwondoe katikati ya kipindi. Deni ni la watu wazima wawili.

Sasa ripoti, na utaona ni nyepesi kwa sababu karatasi ya siku ya kwanza unayo. Ripoti iendane na kadi: kila vipindi 12 vikiisha, nusu ukurasa. Kabla ya kuiandika mpime mtoto tena kwa dakika kumi, aya nyingine ya ugumu uleule na maswali mengine ya aina ileile. Usirudie yaleyale, atakuwa ameyakariri. Yule wa 62 − 27 mpe 71 − 38. Akiandika 47 kanuni yake mbovu bado ipo. Akiandika 33 umemvusha. Akiandika 43, amekopa ila amesahau kupunguza makumi, na hiyo ni hatua mbele ingawa jibu ni kosa. Mzazi anastahili kuambiwa hivyo.

Iandike kwa maneno ambayo mzazi atayasoma akiwa amesimama dukani:

*Ripoti ya kadi ya pili. Darasa la 3.*
*Mahudhurio: vipindi 11 kati ya 12.*
*Kusoma: alianza na maneno 24 kwa dakika, sasa anasoma 38. Silabi za nywa na chwa anazisoma vizuri. Bado anapita nukta bila kupumzika, kwa hiyo anasahau alichosoma mwanzo wa aya.*
*Hesabu: kutoa kwa kukopa alikosa yote, sasa anapata maswali manne kati ya matano. Kuzidisha kwa 6, 7 na 8 bado hajakariri.*
*Kadi ijayo: kujibu maswali ya hadithi, na jedwali la 6 na la 7.*
*Naomba nyumbani: dakika kumi kila jioni akusomee kwa sauti, wewe ukiendelea na kazi zako. Akifika kwenye nukta mwambie asimame akueleze amesoma nini.*

Ni hayo tu. Hakuna asilimia, hakuna nafasi ya ngapi kati ya wangapi. Nafasi inamwambia mzazi mtoto wake amewazidi watoto gani wa jirani, na hilo litazunguka mtaa mzima kabla ya magharibi. Mstari wa mwisho ndio wenye nguvu kuliko yote, na ombi lake liwe moja, linalowezekana kwa mzazi huyo. Mzazi asiyejua kusoma bado anaweza kusikiliza na kuuliza “amesoma nini.” Kwake yeye ripoti itume kwa sauti WhatsApp, au mweleze ana kwa ana anapokuja kumchukua mtoto. Kundi la WhatsApp la wazazi libaki la matangazo ya ratiba. Matokeo ya mtoto na picha zake visiingie humo. Picha ya mtoto usiiweke popote bila mzazi kukubali kwa maandishi.

Utapata mtoto ambaye kadi mbili zimeisha na namba hazijasogea. Liandike hivyohivyo. Kwanza angalia mahudhurio, mara nyingi jibu liko hapo. Kisha mwangalie mtoto mwenyewe: anakunja uso akitazama ubao, ananakili namba vibaya hata zilizo mbele yake, anageuza sikio moja unapoongea, anaitikia akiguswa lakini haitikii akiitwa kwa nyuma. Ukiona hayo mwambie mzazi ampeleke hospitali macho na masikio yakapimwe, na kadi ya tatu isubiri majibu. Kama macho na masikio ni mazima, badilisha njia ya kufundisha na mweleze mzazi unabadilisha nini. Kadi ya tatu ikiisha bila kitu, mwambie wazi kwamba mtoto huyu anahitaji mtu mwenye ujuzi ambao wewe huna, na pale wilayani yupo afisa wa elimu maalumu anayeweza kumwelekeza.

Kuhusu mahali na serikali nitasema machache. Fundishia barazani, panapoonekana na wapita njia, na mama yako au mtu mzima mwingine awepo nyumbani. Usibaki na mtoto mmoja chumbani, hata kwa nia njema. Andika nani anamchukua kila mtoto, na mwingine akija piga simu kwanza. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe kwa mwenyekiti na mtendaji kabla hujaanza. Watoto kumi wakionekana nyumba moja kila jioni watu watauliza, na ni vema jibu liwe tayari ofisini. Tengeneza TIN pale TRA, waulize kodi yako itakaaje kwa kipato unachotarajia, na halmashauri waulize kuhusu leseni. Usiandike “shule” au “kituo cha elimu” kwenye bango, kwa sababu kuandikisha shule ni safari nyingine yenye masharti ya majengo, vyoo na walimu. Andika “masomo ya ziada, darasa la 3 hadi la 5,” na namba yako ya simu.

Kisha ajira. Naomba ije upesi. Ukipangiwa shule ya hapahapa Temeke unaweza kuendelea na kundi jioni, ila watoto utakaowafundisha shuleni usiwachukue kwa ada nyumbani. Hata kama moyo wako ni safi, mzazi ataona kwamba asiyelipa jioni hafundishwi asubuhi. Ukipangiwa mkoa mwingine, mara nyingi unapewa siku chache tu za kuripoti. Kwa hiyo tangu sasa hela ya kadi ambazo hazijaisha iweke kando, ihesabu kuwa ni ya wazazi mpaka kisanduku kitiwe sahihi. Siku ya kuondoka rudisha ya visanduku vilivyobaki, na kila mzazi mkabidhi karatasi ya kipimo cha kwanza pamoja na ripoti zote, ili mwalimu atakayempokea mtoto aanzie pale ulipomwachia.